Stopu Ipimwe kwa Mwendo wa Soko

Chukua akaunti moja na oda mbili zilizofunguliwa asubuhi moja. Ya kwanza ni ya kununua yuro dhidi ya dola kwa bei ya 1.0800. Ya pili ni ya kununua dhahabu kwa dola 2,400 wakia moja. Mwenye akaunti ana kanuni aliyofundishwa na anaishika bila kulegeza: oda yoyote ikienda kinyume kwa asilimia moja, ifungwe. Kwa hiyo stopu ya yuro, ile amri ya kukata hasara ambayo kwenye MetaTrader imeandikwa Stop Loss au S/L, inakaa pipsi 108 chini ya bei aliyoingilia. Ya dhahabu inakaa dola 24 chini.

Ukimwuliza atakwambia stopu zake zote mbili zina nafasi sawa. Hazina. Namba hizi ni za mfano, nimezichagua zikaribie soko lilivyokuwa katikati ya mwaka 2024, na katika mfano huu yuro husafiri kama pipsi 54 kwa siku ya kawaida, huku dhahabu ikisafiri dola 32. Stopu ya yuro, basi, iko umbali wa siku mbili nzima za mwendo. Ya dhahabu haifikii hata siku moja: dola 24 ni robo tatu ya mwendo wa siku ya kawaida. Dhahabu inaweza kushuka dola 24 kabla ya chakula cha mchana, bila habari yoyote, kisha ikapanda jioni na kufunga siku juu ya bei aliyonunulia. Treda wetu atakuwa ameshatolewa, na huenda alikuwa sahihi kuhusu mwelekeo.

Hili huwapata vijana wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaofanya biashara ya dhahabu kwenye simu, na wengi wao humalizia kwa kumshuku broka kwamba ameifuata stopu yao. Mara nyingi hakuna aliyeifuata. Iliwekwa mahali ambapo bei hupita kila siku.

Asilimia moja ni kipimo cha bei, na bei haisemi chochote kuhusu jinsi soko linavyoyumba. Kinachotakiwa ni kipimo cha kuyumba kwenyewe, na kipo. Alikitoa Mmarekani J. Welles Wilder katika kitabu chake cha mwaka 1978, kilekile kilichotuletea RSI na Parabolic SAR ambazo leo zimo katika kila programu ya chati. Wilder alisomea uhandisi wa mitambo, akafanya biashara ya majengo, kisha akaingia kwenye masoko ya mikataba ya bidhaa. Kipimo chake tunaweza kukiita wastani wa masafa halisi. Kwenye skrini utakiona kwa jina la Average True Range, au kwa kifupi ATR.

Neno la kushikilia hapo ni "halisi". Mtu akitaka kujua soko limesafiri kiasi gani leo, jambo la kwanza linalomjia ni kutoa bei ya chini kabisa kutoka bei ya juu kabisa ya siku. Wilder aliona kwamba hesabu hiyo hudanganya. Masoko ya mikataba ya bidhaa yalikuwa na ukomo wa siku: bei ikipanda au kushuka kiasi fulani kutoka ilipofunga jana, haikuruhusiwa kuvuka hapo. Kukiwa na habari nzito usiku, soko lilifunguliwa moja kwa moja kwenye ukomo na kubaki hapo hadi kufunga. Bei ya juu na ya chini zilikuwa ileile, tofauti yake sifuri, ilhali aliyekuwa upande mbaya alikuwa amepoteza fedha nyingi. Hesabu ya juu kutoa chini ingesema soko limelala.

Ndiyo maana Wilder aliingiza bei ya kufunga ya jana. Masafa halisi ya siku ni ile iliyo kubwa zaidi kati ya namba tatu: bei ya juu ya leo kutoa ya chini ya leo, umbali kati ya bei ya juu ya leo na bei ya kufunga ya jana, na umbali kati ya bei ya chini ya leo na bei ya kufunga ya jana. Tuseme dhahabu ilifunga Ijumaa kwenye 2,400. Mwishoni mwa wiki kukatokea jambo, na Jumatatu soko likafunguliwa 2,418, likafika 2,430, likashuka hadi 2,412, likafunga 2,425. Juu kutoa chini ni dola 18, na mtu angesema ilikuwa siku tulivu. Lakini kutoka bei ya kufunga ya Ijumaa hadi kilele cha Jumatatu ni dola 30, na aliyekuwa ameuza Ijumaa ameumia kwa dola 30, si 18. Masafa halisi ya siku hiyo ni 30.

Kisha unakuja wastani. Kipindi ambacho programu nyingi hukupa bila kukuuliza ni siku 14. Kwa njia ya Wilder, unachukua wastani wa jana, unauzidisha kwa 13, unajumlisha masafa halisi ya leo, kisha unagawanya kwa 14. Kama wastani wa dhahabu ulikuwa 32 na Jumatatu imeleta 30, mara 13 ya 32 ni 416, ukijumlisha 30 unapata 446, ukigawa kwa 14 unabaki na 31.86. Wastani haukusogea sana. Sasa tuseme Jumanne kunatoka takwimu za ajira za Marekani na dhahabu inasafiri dola 74 kwa siku moja. ATR mpya ni 34.87. Siku iliyozidi mara mbili ya kawaida imeongeza kipimo kwa dola tatu tu. Kipimo hiki hakishtuki haraka, na hilo ni jema kwa stopu za kila siku, ingawa mbele kidogo tutaona lina gharama yake.

Kwenye simu hakuna haja ya kufanya hesabu hizi kwa mkono. Katika MetaTrader 5 fungua orodha ya viashiria, nenda kundi la Oscillators, chagua Average True Range, uache kipindi kikiwa 14, na chati iwe ya D1, yaani kila mshumaa ni siku moja. Chini ya chati patatokea mstari wenye namba. Kwa yuro utasoma kitu kama 0.0054, nayo ni pipsi 54. Kwa dhahabu utasoma 32.00, nayo ni dola 32 kwa wakia. Nakusihi dhahabu uihesabu kwa dola. Pipsi ya dhahabu haina maana moja. Wengine huita senti moja pipsi, wengine senti kumi, na anayepokea ushauri wa "stopu pipsi 50" hajui kama ameambiwa nusu dola au dola tano.

Kuna mambo ambayo huwachanganya watu hapa. La kwanza ni kwamba MetaTrader na TradingView zinaweza kukupa namba tofauti kwa bei zilezile. Hakuna iliyokosea. TradingView ikiachwa ilivyo hutumia njia ya Wilder niliyoieleza, ambayo siku ya zamani hufifia polepole. MetaTrader huchukua wastani wa kawaida wa masafa ya siku 14 zilizopita, kila siku ikiwa na uzito sawa. Matokeo yake ni kwamba siku ile ya dola 74 itakaa ndani ya hesabu ya MetaTrader kwa siku 14, kisha itatoka mara moja na kipimo kitashuka ghafla hata kama soko halikubadilika siku hiyo. Chagua moja uifuate.

La pili ni mshumaa ambao haujafunga. Asubuhi, mshumaa wa leo una saa chache tu na masafa yake ni madogo, kwa hiyo ATR unayoiona kwenye ncha ya chati inasoma chini kuliko ukweli. Soma namba ya mshumaa wa jana, uliokwisha kufunga. Na kama chati ya broka wako ina mshumaa mfupi wa Jumapili, wenye saa mbili tatu tu za biashara, ujue kila wiki inaingiza siku moja bandia katika wastani wako na kuupunguza. Mabroka wengi hulikwepa hilo kwa kuweka saa ya seva ili siku ifunge pamoja na New York saa kumi na moja jioni ya huko, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa sita usiku wakati wa kiangazi cha Marekani na saa saba usiku wakati wa baridi yao. Hesabu mishumaa ya wiki moja. Ikiwa mitano, uko salama.

Sasa namba tunayo. Stopu inakaa wapi? Kawaida ni kuzidisha ATR kwa namba fulani na kuhesabu umbali huo kutoka bei uliyoingilia. Mfano maarufu zaidi ni wa Richard Dennis na William Eckhardt wa Chicago, ambao kuanzia mwaka 1983 walifundisha kikundi cha watu waliokuja kuitwa Kobe. Walipima wastani wa masafa halisi wa siku 20, wakauita N, na stopu ikawa N mbili kutoka bei ya kuingilia. Kanuni ilikuwa ileile kwa kahawa, dhahabu, dhamana za serikali na fedha za kigeni. Hawakuhitaji kukariri asilimia ya kila soko kwa sababu N ilibeba tabia ya kila soko ndani yake. Nahodha wa pwani hufanya hivyo anapofunga mashua gatini: kamba huachiwa urefu kulingana na maji ya bamvua au maji mafu, si kulingana na bei ya mashua.

Kwa dhahabu yetu, ATR mbili ni dola 64, na stopu inatoka 2,376 ya asilimia moja na kushuka hadi 2,336. Kwa yuro, ATR mbili ni pipsi 108, ambazo ni zilezile za asilimia moja. Kumbe kanuni ya zamani ilikuwa inafanya kazi kwenye yuro kwa bahati tu, na bahati hiyo ingeisha siku ambayo yuro ingeanza kuyumba zaidi.

Wengi wakifika hapa huona wamemaliza. Wanaisogeza stopu kutoka dola 24 hadi dola 64, wanaacha ukubwa wa oda ulivyokuwa, na mwezi ukiisha wanasema ATR imewafilisi. Ni kweli, kwa sababu kila wanapokosea sasa wanapoteza karibu mara tatu ya walivyozoea. Nusu ya pili ya kanuni ndiyo yenye uzito zaidi, na naiona ikirukwa kila siku: soko linapanga umbali wa stopu, wewe unapanga fedha utakazopoteza, na ukubwa wa oda ndio unaopaswa kubadilika ili mambo hayo mawili yakutane.

Tufanye hesabu kwa akaunti ya dola 10,000 na mtu aliyeamua kwamba oda moja isimtoe zaidi ya asilimia moja ya akaunti, yaani dola 100. Angalia kwamba asilimia imerudi, na hapa ndipo mahali pake halali: inapima mfuko wako, haipimi soko. Kwa yuro, loti 0.01 hupoteza senti 10 za dola kwa kila pipsi moja. Stopu ni pipsi 108. Dola 100 ukigawa kwa 108 unapata senti 92 na kidogo kwa pipsi, sawa na loti 0.09 ukipunguza kwenda chini. Stopu ikipigwa, hasara ni dola 97.20. Wiki kadhaa baadaye soko limechafuka na ATR ya yuro imefika pipsi 81. Stopu ya oda mpya inakuwa pipsi 162, na loti inashuka hadi 0.06. Hasara ni dola 97.20 tena. Soko likitulia na ATR ikashuka hadi 40, stopu ni pipsi 80, loti inapanda hadi 0.12, na hasara ni dola 96. Umbali umebadilika mara mbili nzima, mfuko haukuhisi chochote.

Turudi kwenye dhahabu kwa akaunti ya dola 1,000, ambayo kwa vijana wengi ni akiba kubwa. Asilimia moja ni dola 10. Kwa mabroka wengi loti 0.01 ya dhahabu ni wakia moja, kwa hiyo kila dola ya mwendo ni dola moja ya faida au hasara. Stopu ya ATR mbili ni dola 64. Oda ndogo kabisa inayoruhusiwa inahatarisha dola 64, yaani asilimia 6.4 ya akaunti, kwa wazo moja. Ili dola 64 ziwe asilimia moja, akaunti inatakiwa iwe na dola 6,400. Hesabu hii inauma, lakini afadhali mtu aijue kabla ya kuweka fedha. Mwenye dola 100 anayefungua loti 0.01 ya dhahabu na kuweka stopu ya dola tano ili "asipoteze sana" ameweka stopu kwenye sehemu moja kati ya sita ya mwendo wa siku. Atapigwa karibu kila mara, tano kwa tano, hadi mtaji uishe, na hakuna ujuzi wa kusoma chati utakaomwokoa.

Aliye na akaunti ndogo ana njia chache za kweli. Anaweza kuiacha dhahabu na kufanya yuro, ambako loti 0.01 na stopu ya pipsi 108 inahatarisha dola 10.80. Anaweza kutafuta akaunti ya senti, ambako vipimo vyote ni vidogo. Au anaweza kushuka kwenye chati ya saa moja, ambako ATR ni ndogo. Kwa makadirio ya haraka, mwendo wa saa moja ni mwendo wa siku ukigawa kwa mzizi wa 24, ambao ni karibu tano, hivyo dhahabu yenye ATR ya siku ya 32 itakuwa na ATR ya saa ya sita na nusu hivi. Stopu ya ATR mbili za saa ni dola 13. Lakini hapo wazo lenyewe lazima liwe la saa chache. Ukiingia kwa sababu umeona kitu kwenye chati ya siku na ukapima stopu kwa ATR ya saa, umerudi kwenye kosa lilelile la mwanzo kwa mlango mwingine.

Baada ya kuingia, stopu ya kwanza haiguswi kwa kurudi nyuma. Nalisema hili kwa sababu ATR hubadilika kila siku na humpa mtu kisingizio kizuri sana. Bei inashuka kuelekea stopu, kuyumba kunaongezeka, ATR inapanda kutoka 32 hadi 38, na mtu anasema: kwa kipimo cha leo stopu yangu inapaswa kuwa dola 76, niishushe kidogo. Akishaishusha, loti yake si sahihi tena, kwa sababu ilihesabiwa kwa dola 64. ATR ya siku ya kuingia ndiyo inayotawala oda hiyo hadi mwisho wake. Ikiwa bei imekwenda upande wako na unataka stopu iifuate, kuna njia inayohusishwa na Chuck LeBeau: chukua bei ya juu kabisa tangu uingie, au ya siku 22, toa ATR tatu, na uiweke stopu hapo. Ikipanda inapanda, ikitaka kushuka unaikatalia.

Anayeuza ana jambo moja la kuongeza. Chati ya MetaTrader huonyesha bei ya kuuzia, Bid, lakini oda ya kuuza hufungwa kwa bei ya kununulia, Ask, ambayo iko juu kwa kiasi cha spredi. Usiku ule soko linapofunga siku yake, spredi hupanuka, na stopu ya muuzaji inaweza kupigwa ingawa mshumaa kwenye chati haukuigusa. Jumlisha spredi ya saa hiyo juu ya umbali wako, si ile ya mchana.

Nimesema kwamba utulivu wa ATR una gharama. Gharama yenyewe ni kwamba inatazama nyuma tu, na mfano mkubwa kuliko yote ninaoujua ni faranga ya Uswisi. Kuanzia Septemba 2011 benki kuu ya Uswisi ilitangaza kwamba haitaruhusu yuro ishuke chini ya faranga 1.20. Kufikia mwisho wa 2014 bei ilikuwa imejilaza juu kidogo tu ya mstari huo, mishumaa ya kila siku mifupi mno. Tarehe 15 Januari 2015, saa sita na nusu mchana kwa saa za Nairobi, benki hiyo ikatangaza kwamba imeacha. Ndani ya dakika chache yuro ilikuwa chini ya faranga moja. Kati ya 1.20 na huko chini hapakuwa na wanunuzi wa kutosha, kwa hiyo stopu zilitekelezwa popote mnunuzi alipopatikana. Kampuni ya FXCM ilibaki ikidai wateja wake karibu dola milioni 225, na Alpari ya Uingereza ikafilisika.

Mpitishe mtu wetu wa dola 10,000 katika siku hiyo. Tuseme ATR yake ilisoma pipsi 10. Stopu ya ATR mbili ni pipsi 20, na ili kuhatarisha dola 100 alifungua nusu loti, dola tano hivi kwa pipsi. Oda yake ikifungwa kwenye 1.00, amepoteza pipsi 2,000, yaani dola 10,000 au zaidi: akaunti nzima. Kipimo kilipokuwa kidogo ndipo kilipomruhusu kubeba mzigo mkubwa zaidi. Mwenye stopu ya asilimia moja angekuwa pipsi 120 mbali, na loti yake ingekuwa sehemu moja tu ya sita. Naye angeumia, lakini angebaki na sehemu kubwa ya mtaji.

Kwa hiyo ATR ndogo isipokelewe kama zawadi. Kinga moja rahisi ni kuweka viashiria viwili kwenye chati, ATR ya 14 na ATR ya 100, na kutumia iliyo kubwa zaidi katika kuhesabu loti. Soko linapotulia kwa wiki mbili tatu, ile ya 100 inakumbuka hali ya miezi iliyopita na kukuzuia kupandisha loti kwa haraka. Kwa sarafu inayoshikiliwa na benki kuu kinga hiyo haitoshi, maana miezi yote iliyopita imeshikiliwa vilevile. Hapo loti ipangwe kwa kujiuliza benki ikiachia itakuwaje, au soko hilo liachwe.

Limebaki swali la kuzidisha kwa ngapi. Mbili, mbili na nusu, tatu: kila mwalimu ana yake. Stopu pana hupigwa mara chache, lakini kwa kuwa loti imepunguzwa, mwendo uleule mzuri unakulipa kidogo zaidi. Hakuna namba inayoondoa mvutano huo, na stopu yoyote haiwezi kugeuza wazo baya la kuingia kuwa zuri. Jibu linalokufaa limo katika kumbukumbu zako. Chukua oda zako zilizoishia na faida, na kwa kila moja angalia bei ilikwenda kinyume kiasi gani kabla ya kugeuka, kisha ugawanye umbali huo kwa ATR ya siku ya kuingia. Tuseme una oda 40 za namna hiyo, na 36 kati yake hazikuwahi kwenda kinyume zaidi ya ATR 1.4. Basi stopu ya ATR tatu inakulipisha nafasi ambayo oda zako nzuri haziitumii, na ATR moja na nusu ingezibakisha karibu zote. Kama nyingi zilifika 1.9 kabla ya kugeuka, hiyo moja na nusu ingekunyang'anya faida zako bora. Oda zilizoishia na stopu zipime pia, maana zilizopigwa kisha bei ikageuka siku ileile ndizo zitakazokuonyesha kwamba umeibana mno, na hesabu hiyo irudiwe kwa kila soko unalofanya, kwa kuwa njia yako ya kuingia dhahabu huenda inavumilia tofauti na njia yako ya kuingia yuro.